Jedwali la dawa ya kinga ya upasuaji: "saa nne" au masaa manne?

*"Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya Pemba. Nimepewa kazi ya kuufupisha mwongozo wa antibayotiki za kinga uwe ukurasa mmoja wa kubandika ukutani: aina ya upasuaji, dawa, dozi, muda wa kuitoa, na lini irudiwe. Safu nyingine nimezijaza, lakini hiyo ya kurudia kila mtu ananiambia lake. Tena wapo madaktari wanaoandika seftriaksoni siku tano kwa kila aliyepasuliwa. Nifanyeje?"*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Safu iliyokukwamisha ndiyo ile ile iliyonikwamisha mimi nilipotengeneza jedwali langu la kwanza, na kosa nililolifanya nitakueleza hapa hapa ili wewe usilirudie. Niliandika, kwa mstari wa sefazolini, "rudia baada ya saa 4". Niliona nimesema jambo lililo wazi kabisa. Asubuhi moja mwenzangu wa zamu akampa mgonjwa dozi ya pili saa nne asubuhi, saa moja na nusu tu baada ya ile ya kwanza, kwa sababu ndivyo alivyolisoma jedwali: ikifika saa nne, rudia. Mwenzangu mwingine alilielewa kuwa ni masaa manne, lakini akayahesabu tangu kisu kilipogusa ngozi. Mimi mwenyewe nilikusudia masaa manne tangu sindano ilipoingia. Watu watatu tulisoma maneno yale yale na tukafanya mambo matatu mbalimbali, na hakuna kati yetu aliyekuwa mzembe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika dozi yoyote, amua kwamba katika jedwali lako "saa" ni wakati unaoonekana kwenye saa ya ukutani, na "masaa" ni urefu wa muda. Najua wapo wanaolikataa neno "masaa" katika Kiswahili fasaha, na katika insha ningekubaliana nao, lakini katika chumba cha upasuaji tofauti hiyo ina kazi. Pia amua ni saa ipi mtakayoitumia. Fomu za usingizi mara nyingi huandikwa kwa saa ya kizungu, ilhali sisi tunaitana kwa saa ya Kiswahili, na "2:35" iliyoandikwa kwa haraka inaweza kusomwa asubuhi na mmoja na alasiri na mwingine. Chagueni moja, iandikwe juu ya ukurasa kwa herufi kubwa.

Sasa nikueleze kwa nini hesabu huanzia kwenye sindano wala si kwenye kisu, maana ukilielewa hili utaweza kulijibu kila swali watakalokuuliza. Dawa ya kinga haikusudiwi kuua maradhi yaliyokwisha kuingia. Kusudi lake ni kuwa tayari ndani ya nyama na damu wakati vijidudu vya ngozi, au vya utumbo, vinapoangukia kwenye jeraha. Damu inayovuja na kuganda ndani ya jeraha huganda pamoja na dawa iliyomo; kama dawa haikuwemo, donge lile hubaki bila ulinzi, na dozi itakayokuja baadaye haitalifikia vizuri. Ndiyo maana dozi hutangulia kisu. Lakini dawa ikishaingia tu, figo huanza kuitoa, na figo hazijui kama daktari amekwisha kuanza kupasua au bado ananawa mikono. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu ya sefazolini huwa imeondoka baada ya muda unaokaribia masaa mawili. Baada ya masaa manne imebaki takriban robo. Hapo ndipo maji yanapokuwa yamekupwa mno, na kama jeraha bado liko wazi, yanahitaji kujazwa tena. Masaa manne ya sefazolini yametokana na hesabu hiyo, nayo huanza tangu dozi ya kwanza ilipoanza kuingia mwilini.

Kwa sababu hiyo hiyo, kila dawa ina muda wake wa kurudia na huwezi kuweka kanuni moja kwa safu nzima. Metronidazoli na seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kwa upasuaji wa kawaida hazirudiwi. Jentamaisini ikitolewa kwa dozi moja kamili ya miligramu 5 kwa kila kilo hairudiwi pia. Klindamaisini miligramu 900 hurudiwa baada ya masaa sita. Ukiona mtu anarudia metronidazoli na sefazolini kwa pamoja kwa kuwa "zilitolewa pamoja", ujue jedwali halikumwambia vya kutosha.

Hili hapa ni jedwali ambalo ningelianzia, kwa watu wazima tu. Dozi nilizoziweka zinalingana na miongozo mikuu ya kimataifa, lakini halijawa jedwali lenu mpaka madaktari wenu wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi na mfamasia wakae pamoja walikubali, na lilinganishwe na mwongozo wa tiba wa Wizara unaotumika hospitalini kwenu.

| Upasuaji | Dawa na dozi | Wakati wa kutoa | Kurudia jeraha likiwa bado wazi |
|---|---|---|---|
| Safi, bila kuacha kitu mwilini (kwa mfano uvimbe wa mafuta, tezi ya shingo) | Hakuna | – | – |
| Safi, wenye kuacha wavu au chuma | Sefazolini gramu 2 | Ndani ya dakika 60 kabla ya kisu | Masaa 4 tangu sindano |
| Kujifungua kwa upasuaji; kutoa kizazi | Sefazolini gramu 2 | Ndani ya dakika 60 kabla ya kisu | Masaa 4 tangu sindano |
| Utumbo mpana. Kidole tumbo kisichopasuka | Sefazolini gramu 2 pamoja na metronidazoli miligramu 500 | Zote ziwe zimekwisha kuingia kabla ya kisu | Sefazolini: masaa 4 tangu sindano. Metronidazoli: hairudiwi |
| Usaha, utumbo uliotoboka, kidole tumbo kilichopasuka | Si kinga, ni tiba | Angalia mwongozo wa tiba | Angalia mwongozo wa tiba |

Chini ya jedwali ongeza mistari mitatu tu: mgonjwa wa kilo 120 au zaidi hupewa sefazolini gramu 3, damu ikipotea zaidi ya lita moja na nusu, rudia sefazolini bila kungoja masaa manne, na baada ya kushona, hakuna dozi ya kinga.

Mstari wa mwisho wa jedwali, ule wa usaha, usiuondoe hata wakikuambia unachukua nafasi. Bila huo, mtu atachukua dozi moja ya kinga na kuiona inatosha kwa mgonjwa mwenye tumbo lililojaa uchafu, na yule anahitaji matibabu ya siku kadhaa. Na mstari wa kwanza, wa "hakuna", una faida kama huo: ukikiacha kisanduku kikiwa kitupu, watu watakijaza kwa mazoea yao. Ngiri inayoshonwa bila wavu sikuiweka kwa makusudi, kwa sababu miongozo haikubaliani juu yake. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unapendekeza dozi moja, na ule wa Uingereza hauoni haja yake. Waulize madaktari wenu waamue, kisha uandike uamuzi wao, na hakuna ubaya katika uamuzi wowote kati ya hiyo miwili.

Nikupitishe kwenye mfano mmoja mpaka mwisho, kwa saa ya Kiswahili. Mzee wa kilo 68 anatolewa kipande cha utumbo mpana. Metronidazoli iko kwenye mfuko wa mililita 100 na huhitaji dakika 20 hadi 30 kuingia, kwa hiyo inafunguliwa saa 2:20 asubuhi. Hapa pana kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko yote: mfuko umetundikwa, kila mtu anauona unaning'inia, kwenye fomu imeandikwa "imetolewa", na wakati kisu kinashuka mfuko bado umejaa robo tatu. Mfuko uliotundikwa si dawa iliyoingia. Sefazolini huchomwa taratibu kwa dakika tatu hadi tano, nayo inaanza saa 2:35. Angalia kichupa: aghalabu kimoja kina gramu 1, kwa hiyo gramu 2 ni vichupa viwili, na katika jedwali lako andika "vichupa 2 vya gramu 1" ikiwa ndivyo vilivyo kwenye kabati lenu. Kisu kinagusa ngozi saa 2:55.

Lakini mara tu sindano ilipoingia, kabla hajafanya jambo jingine, aliyeichoma anaandika ubaoni: "Sefazolini 2:35. Rudia 6:35 mchana." Si "rudia baada ya masaa manne". Hesabu anaifanya yeye akili ikiwa bado imetulia, ili anayemkuta kwenye zamu asilazimike kuhesabu chochote ila kutazama ukutani. Hili ndilo badiliko lililoniondolea mimi matatizo mengi kuliko mengine yote, nalo halihitaji dawa mpya wala fedha.

Tuseme sasa ilipofika saa 5:20 damu iliyonyonywa na iliyokuwa kwenye vitambaa imepita lita moja na nusu. Dawa nayo imetoka pamoja na damu, na maji ya dripu yameizimua iliyobaki. Sefazolini gramu 2 inarudiwa saa 5:25, ile 6:35 inafutwa ubaoni, na inaandikwa 9:25 alasiri. Mshono wa mwisho unafungwa saa 7:50 mchana. Saa 9:25 haikufika jeraha likiwa wazi, kwa hiyo dozi ile haitolewi, na mzee anakwenda wodini bila ya antibayotiki yoyote kwenye karatasi yake.

Mfano huo huo ungeweza kwenda vibaya kwa njia nyingine. Sindano imechomwa saa 2:35, mara umeme umekatika, jenereta imechelewa, na kisu hakikugusa ngozi mpaka saa 3:50. Zimepita dakika 75. Njia nzuri ya kulizuia hili ni kutomchoma mgonjwa wodini wala kwenye kitanda cha kusubiri, bali akiwa amekwisha kulala mezani na timu iko kamili. Pale mnaposimama kuthibitisha jina la mgonjwa na upasuaji wake, ulizeni pia kama dawa imeingia na saa ngapi. Kama muda umepita tayari, mtaalamu wa usingizi na daktari wa upasuaji waamue kama dozi irudiwe kabla ya kuanza, na mkubaliane mapema mpaka wenu ni dakika ngapi ili msibishane mgonjwa akiwa amelala. Lakini hata wasiporudia, saa ya kurudia inabaki 6:35. Haisogei kwa sababu kisu kimechelewa.

Kuhusu mama wa kujifungua kwa upasuaji, utakutana na wazee wetu wa kazi waliofundishwa kungoja kitovu kifungwe ndipo dawa itolewe, ili isimfikie mtoto. Walifundishwa hivyo kwa nia njema na ndiyo iliyokuwa desturi. Utafiti uliofuata ulionesha kwamba kuitanguliza dawa kabla ya kisu humpunguzia mama maambukizi bila kumwongezea mtoto madhara, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo. Waelezee kwa upole, na katika kisanduku kile andika wazi "kabla ya kisu, si baada ya kitovu". Na kwa wagonjwa wa mifupa wanaofungwa mkanda wa kuzuia damu mguuni, dawa iwe imekwisha kuingia yote kabla mkanda haujajazwa upepo; baada ya hapo haina njia ya kufika kwenye jeraha.

Sasa nije kwa seftriaksoni ya siku tano. Wanaoiandika huogopa kidonda kitoe usaha na mgonjwa arudi kutoka Micheweni au kisiwa kidogo akiwa katika hali mbaya, na hofu hiyo ni ya mtu anayemjali mgonjwa wake. Lakini jeraha lililoshonwa halipati tena vijidudu kwa wingi ule wa wakati lilipokuwa wazi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kinga isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika. Mrija wa kutolea maji ukibaki jerahani si sababu ya kuendeleza. Siku tano zile humpa mgonjwa kuhara, humgharimu, na huwazoesha vijidudu vya wodi nzima dawa ambayo kesho utaihitaji kwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo. Ukitaka kubishana na mtu juu ya hili, usimwambie "jedwali limekataza". Muulize ni upasuaji upi na jeraha lilikuwaje. Akikujibu kwamba alikuta usaha, basi yuko sahihi kuendelea, kwa kuwa mgonjwa wake yuko kwenye mstari wa mwisho wa jedwali, ule wa tiba.

Lipo na tatizo la kabati. Kama sefazolini haipo, ama meli haijaleta ama bohari imeishiwa, wafanyakazi hawatamngojesha mgonjwa. Watachukua iliyopo, na mara nyingi iliyopo ni seftriaksoni. Ni afadhali jedwali liseme lenyewe mbadala gani na dozi gani kuliko kila mtu abuni lake. Seftriaksoni gramu 2 kwa dozi moja hufanya kazi hiyo bila kurudiwa katika upasuaji wa kawaida, lakini iandikwe kwenye mstari wa "kama sefazolini haipo", isikae kwenye safu kuu, kwa sababu ikishawekwa hapo haing'oki tena. Kwa utumbo, mbadala mwingine ni jentamaisini miligramu 5 kwa kilo pamoja na metronidazoli. Tahadhari yake ni kwa mwenye figo dhaifu, na mtaalamu wa usingizi aambiwe, kwa kuwa jentamaisini huweza kurefusha kazi ya dawa za kulegeza misuli. Majina ya dawa yaandike kama yalivyo kwenye kichupa, herufi kwa herufi, ili anayelinganisha asibabaike.

Mgonjwa akisema ana mzio wa penisilini, muulize alipatwa na nini. Wengi watakuambia tumbo lilichafuka au vipele vilitoka kidogo miaka mingi iliyopita, na hao kwa kawaida wanaweza kupewa sefazolini. Aliyevimba midomo, akakosa pumzi au akaanguka punde tu baada ya sindano, huyo asiguswe nayo kabla daktari hajaamua. Mbadala wa kawaida ni klindamaisini miligramu 900, ikiongezwa jentamaisini pale ambapo upasuaji unagusa kizazi au utumbo.

Wapo wagonjwa ambao jedwali haliwafai hata likiandikwa vizuri namna gani, na juu ya hao usiamue kwa ukuta: mwenye figo zilizofeli, ambaye huenda dozi ya kurudia isihitajike kabisa, aliyekuwa tayari anatumia antibayotiki wodini, kwani huenda dozi yake ya mwisho ilikuwa usiku na haimlindi tena, na aliyewahi kupatikana na vijidudu sugu. Kwa hao mpigie simu mtaalamu wa usingizi na daktari wa upasuaji kabla mgonjwa hajasukumwa kuja mezani. Watoto nao wawe na ukurasa wao, kwa kuwa dozi zao huhesabiwa kwa kilo, na miongozo yenyewe hutofautiana: mmoja unataja sefazolini miligramu 30 kwa kilo, mwingine 50. Hilo liamuliwe na madaktari wenu mara moja, kisha lichapwe.

Rasimu ikiwa tayari, usiibandike kwanza. Mpe mwenzako ambaye hakuwamo katika kuitengeneza, mwambie sindano imeingia saa 3:10 asubuhi, kisha umuulize irudiwe lini. Akikujibu "saa 7:10 mchana" bila kukuuliza kitu, ibandike.